Menta na menti kazini: panga muda, siri na lengo kabla hamjaanza kupiga stori

Niko kitengo cha utumishi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, na programu ya menta nimeiendesha raundi mbili. Raundi ya kwanza tulianza na jozi 11, ikafika mwezi wa tatu jozi zinazokutana ni 4, na kati ya hizo 4 mbili zilikuwa zinakutana kubishana Simba na Yanga. Raundi ya pili ikaenda vizuri, na siyo kwamba tulibadilisha watu maana wengi walikuwa walewale, ila safari hii kuna mambo matatu tuliyasema mapema na kuyaandika kabisa: muda, siri na lengo. Nayaweka hapa kwa mpangilio tuliofuata.

Kuhusu majina, tulijaribu kusema mlezi na mlelewa, watu wakacheka mpaka basi, jamaa mmoja akauliza na uji ni saa ngapi. Tukabaki na menta na menti. Menta ndo mwenye uzoefu, menti ndo anayejifunza.

1. Kuoanisha watu

Hapa sikai sana. Cha lazima ni kimoja, menta asiwe bosi wa menti, wala bosi wa bosi wake, wala mtu yeyote anayejaza fomu yake ya tathmini. Mtu anayeamua nyongeza yako ya mshahara huwezi kumwambia kitu usichokijua, hata awe mpole vipi. Mtoe menta idara nyingine. Watu watakwambia sasa menta wa operesheni atamsaidia nini binti wa uhasibu, we waache, utaona kwenye mfano huko chini. Menta mmoja achukue menti mmoja, wakizidi sana wawili.

2. Muda

"Tutakuwa tunakutana tukipata nafasi." Hii sentensi ndo iliyoua jozi zetu nyingi za raundi ya kwanza, maana kwenye kazi yetu nafasi haipatikani, meli ikifunga gati kila mtu anakimbia, na ikiondoka watu wanakimbizana na makaratasi ya ile iliyopita.

Tulichofanya baadae ni hiki. Programu ni miezi 6, kikao cha saa moja kila baada ya wiki mbili, na vikao vyote vinaingizwa kwenye kalenda siku ya kwanza, mkiwa mmekaa wote wawili na simu zenu mkononi. Ukipiga hesabu inakuja kama vikao 12, ila wewe tegemea 10, kwa sababu ndani ya hiyo miezi mtu ataenda likizo (sheria yetu inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka) na mwingine ataugua au atatumwa Tunduma. Mkiwa mnapanga angalieni kalenda ya kazi ya kila mmoja. Mtu wa uhasibu usimpangie kikao kati ya tarehe 1 na 10, anafunga mwezi, hatakuja, na akija mwili utakuwepo kichwa kiko kwenye Excel.

Anayekumbusha kikao ni menti. Hapa mameneja wengine walinibishia, wakasema mkubwa ndo aite. Hapana. Menta anatoa saa yake, mwenye shida na hiyo saa ndo aifuatilie. Jana yake jioni menti anatuma meseji ya mistari miwili, kitu kama: "Shikamoo kaka, kesho saa 8 mchana kama tulivyopanga. Nataka tuongelee ile ripoti iliyorudishwa, nimeshindwa kuelewa kwa nini." Hiyo inatosha. Menta akiisoma usiku anakuja amefikiria, asipoipata anakuja anauliza "enhe, mambo vipi" na dakika 40 zinaisha hivyo.

Kuahirisha kunaruhusiwa, ila anayeahirisha aseme siku moja kabla na atoe tarehe mpya palepale, siyo "nitakucheki". Vikao viwili vikipotea mfululizo mratibu anapiga simu kwa wote wawili, siyo kushtaki mtu, kuuliza tu kama muda uliopangwa unafaa. Mara nyingi tatizo linakuwa dogo tu, mfano tulikuwa na jozi iliyojipangia Ijumaa saa 7 mchana na menta ni Muislamu, yaani hakuna aliyeliona mpaka kikao cha tatu.

Kitu cha mwisho kwenye muda, ni mlango wa kutokea. Baada ya kikao cha tatu mratibu anamuuliza kila mmoja peke yake, unaendelea au tubadilishe? Anayetaka kubadilisha haulizwi sababu na haiandikwi popote. Raundi ya pili jozi moja ilitumia mlango huo, wote wawili wakapangiwa watu wengine na hakuna aliyenuna. Bila huo mlango wangebaki wanakwepana kwenye korido miezi sita.

Na msisahau kuchukua saini ya bosi wa menti NA bosi wa menta kwamba ile saa ni ya kazi. Ya menta ndo tuliisahau raundi ya kwanza, kumbe naye ana mtu anamuuliza "ulikuwa wapi".

3. Siri

Hapa ndo nitakaa, maana hapa ndo tuliumia.

Raundi ya kwanza fomu yetu ilikuwa na mstari mmoja tu, "Mazungumzo yatakuwa ya siri." Kila mtu akasaini. Mwezi wa pili menta mmoja, mtu mzuri tu, yuko kwa mama ntilie anakula na bosi wa menti wake, katika stori akasema "yule binti wako mnampoteza, kaitwa intavyuu sehemu." Nia yake kwa kweli ilikuwa bosi amtunze yule dada. Bosi akaelewa vingine, wiki iliyofuata jina la yule dada likatoka kwenye orodha ya watu wa kwenda mafunzo, akaambiwa nafasi zimejaa. Binti si mjinga, akaunganisha. Hakugombana na mtu, aliacha tu kutokea kwenye vikao, na habari ikatembea, ndani ya wiki mbili jozi nyingine tatu zikawa "bize". Nilivyomuuliza menta kwa nini ulisema, akanijibu kwa mshangao, "Lakini mbona ile haikuwa siri, si alinihadithia tu?"

Na hapo ndo nikaelewa. Kila mtu anakubali kutunza siri, ila siri ni nini kila mtu ana yake. Kwa menta siri ni ugonjwa na mambo ya ndoa. Kwa menti siri ni kila kitu alichofungua mdomo kukisema. Kwa hiyo siku hizi kikao cha kwanza, dakika 20 za mwanzo, wanagawa mambo kwenye vikapu vitatu na wanatoa mifano kwa sauti.

Kikapu cha kwanza ni yanayobaki hapa. Hapa ndo yanaangukia mambo yote ambayo hayakuwekwa kwenye kikapu kingine, yaani ukiwa na wasiwasi jambo hili ni la wapi, ni la hapa. Mtu kutafuta kazi kwingine, kutoelewana na bosi, kitu ambacho hajui kukifanya, madeni, afya, mambo ya nyumbani. Na siri ni ya pande mbili jamani, menta naye akisema kwamba aliwahi kukosea akaisababishia kampuni faini, menti asiende kuitangaza.

Kikapu cha pili ni yanayotoka kwa ruhusa. Mfano menti anahitaji mafunzo fulani na menta anafahamiana na mkuu wa ile idara. Menta anauliza, "niseme? kwa nani? niseme nini hasa?" Hayo maswali matatu yote yajibiwe. Ukiuliza la kwanza tu utakuta umesema kwa mtu asiye sahihi.

Kikapu cha tatu ni yanayotoka hata bila ruhusa, na haya LAZIMA yasemwe kabla, siyo baada ya mtu kuwa ameshafunguka. Sisi tumeandika manne: mtu kutaka kujidhuru au kumdhuru mwingine, wizi au udanganyifu wa mali ya kampuni, jambo la usalama linaloweza kuua mtu (kwetu ni mambo ya folklifti na kontena), na unyanyasaji ikiwemo wa kingono. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kama ubaguzi uliokatazwa, na rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya kuzuia rushwa ya 2007, sasa menta akikaa nalo moyoni kwa jina la siri anamfunika mkosaji.

Ila hilo la nne lina ncha. Kuna wakati mtu anataka aongee tu apumue, hataki kesi. Akishajua mapema kwamba menta wake analazimika kuripoti, anaamua mwenyewe, aseme hapa au aende kwanza kwa daktari, kwa wakili, kwa dada yake. Ndo maana nasema isemwe kabla. Menta akiona mazungumzo yanaelekea huko amkatishe kwa upole, "mdogo wangu subiri kidogo, unakumbuka kile kikapu cha tatu? Ukiendelea kuna sehemu itabidi niifikishe utumishi, tukiwa pamoja ukitaka. Uendelee?" Inakera kumkatisha mtu mwenye machozi, najua, ila kumgeuka baadae ni kubaya zaidi.

Sasa bosi. Bosi wa menti ATAULIZA, tena kwa upendo tu, kwenye lifti, "enhe kijana wangu anaendeleaje?" Menta awe na jibu alilolizoea mdomoni, sisi tuliwafanyisha mazoezi kabisa wakaona aibu lakini ikasaidia: "Tunakutana bosi, yanaenda. Mengine muulize mwenyewe, atafurahi ukimuuliza." Basi, ongelea foleni ya Mandela. Usijibu "anaendelea vizuri SANA" wala "mmh, ana mambo yake", maana hapo tayari umetoa ripoti.

Mratibu naye, yaani mimi, napata nini? Kila mwezi napata tarehe za vikao na ndiyo au hapana moja, je lengo limeshaandikwa. Lengo lenyewe silioni. Mkurugenzi alitaka ripoti ya "maendeleo ya kila menti", nikamwambia nikiandika hiyo programu imekufa, akakubali kwa shingo upande.

Maandishi: notsi za kikao ziandikwe na menti kwenye daftari lake, menta abaki na tarehe tu. Wasapu ni ya kupangia muda, siyo ya mambo yenyewe, kwa sababu skrinishoti inasafiri na simu zetu watoto wanachezea gemu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi 1 Mei 2023, na taarifa za afya za mtu ziko kwenye kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo usitengeneze fomu ya menta yenye maswali ya afya na familia kisa uliikuta mtandaoni. Wenzetu Kenya wana yao ya 2019.

Na sehemu ya kukaa. Kinachotakiwa ni muonekane lakini msisikike. Kile chumba cha vioo, au meza ya pembeni kwenye mgahawa saa za kazi. Siyo kwenye gari, siyo saa 1 usiku ofisi ikiwa tupu. Hii inawalinda wote wawili na midomo ya watu.

4. Lengo

Usiandike lengo kikao cha kwanza. Andikeni cha tatu. Kikao cha kwanza mtu anatoa lengo la kupendeza, la kumfurahisha menta, lile analosema kwenye intavyuu.

Nitatoa mfano wa dada mmoja wa uhasibu, kaniruhusu niusimulie bila jina. Kikao cha kwanza lengo lake lilikuwa "nataka kuwa meneja wa fedha." Sawa, lakini umeneja hauko mikononi mwake, nafasi ni moja na ina mtu. Menta wake wa operesheni, ambaye hajui debiti wala krediti, akamuuliza swali moja tu: kazi gani kila mwezi ikikaribia unaumwa tumbo? Dada akacheka, akasema usuluhishi wa benki. Ile ya kulinganisha daftari letu la fedha na steitimenti ya benki mpaka tofauti zote ziwe na maelezo. Mwezi uliopita alikuwa ameikabidhi tarehe 14 na mhasibu mkuu akairudisha mara mbili.

Kikao cha pili menta akamwambia kwa wiki hizi mbili andika siku zako zinapotelea wapi, usirekebishe kitu, andika tu. Ikaonekana siku karibu 4 zinaisha kusubiri steitimenti ya karatasi kutoka tawini, nyingine zinaisha kuwasaka wateja waliolipa bila kuandika namba ya invoisi. Hapo ungedhani wamemaliza. Kikao cha tatu ndo ikatoka yenyewe, na ilitoka kwa sababu vile vikapu vilishawekwa: "kaka ukweli akaunti ya dola siielewi. Huwa nakopi alivyofanya aliyenitangulia. Bosi hajui."

Miaka miwili yuko pale. Kitu chenyewe wala si kikubwa. Zikiingia dola 1,000 siku ambayo dola ni shilingi 2,500 unaandika 2,500,000, mwisho wa mwezi dola imefika 2,520 salio linatakiwa lisomeke 2,520,000, ile 20,000 haijaibiwa wala haijapotea, ni tofauti ya kubadilisha fedha na ina mahali pake pa kuandikwa. Yeye alikuwa anaitafuta kama hela iliyopotea, kila mwezi, halafu anaiweka kwenye mengineyo, na ndo maana ripoti ilikuwa inarudi.

Lengo lililoandikwa likawa hivi: "Mpaka mwisho wa mwezi wa 6, usuluhishi wa akaunti zote mbili naukabidhi si zaidi ya tarehe 7, na haurudishwi zaidi ya mara moja." Angalia lilivyo. Lina tarehe, lina kipimo ambacho hata mtu asiye mhasibu anaweza kukiangalia, linaanzia mahali panapojulikana (tarehe 14, mara mbili), na sehemu kubwa iko mikononi mwake. Lilikuwa moja tu. Menti akija na malengo matano mwambie achague lile ambalo likishindikana litamuuma.

Chini yake wakaandika hatua za wiki mbili zijazo tu, siyo za miezi sita. Kwanza aombe steitimenti iletwe kwa barua pepe. Pili kila Ijumaa atoe orodha ya malipo yasiyojulikana badala ya kusubiri mwezi uishe. Tatu akaunti ya dola. Hiyo ikaingia kikapu cha pili, menta akauliza yale maswali matatu, dada akasema niongee nae mwenyewe. Wakafanya mazoezi ya jinsi ya kusema, na alichomwambia mhasibu mkuu ni "naomba unipitishe mara moja kwenye tofauti za dola, nataka mwezi huu isirudi." Hakusema sijawahi kuelewa, wala hakudanganya. Mhasibu mkuu alimpa saa moja na nusu, ikaisha.

Mwezi wa 3 alikabidhi tarehe 11, wa 4 tarehe 9, wa 5 ikarudi nyuma 12 kwa sababu alikuwa likizo na mwenzake hakutoa zile orodha za Ijumaa, wa 6 tarehe 7 na ikarudishwa mara moja. Ule mwezi wa 5 alitaka kulifuta lengo. Menta akakataa, akamwambia lengo halijavunjika, umegundua kwamba mfumo wako unakaa kichwani mwako peke yako. Akaandika karatasi moja ya maelekezo, iko ukutani mpaka leo.

Utajuaje lengo ni bovu? Angalia vikao. Kama kila kikao mnaanza na "tulikuwa tumefikia wapi", lengo halieleweki. Kama menti anafika na visingizio kila mara, huenda lengo ni la bosi wake siyo lake. Na kama menta ndo anayefanya kazi, anamrekebishia ripoti usiku, hapo hakuna menti tena, kuna bosi wa pili.

5. Katikati na kufunga

Mwezi wa tatu jozi inatumia sehemu kubwa ya kikao kimoja kuangalia mambo mawili, muda bado unafaa? vikapu viko vilevile? Dakika 15 zinatosha kwa lengo. Jozi moja hapa ndo waligundua kwamba menta amehamishiwa idara ya menti na karibu atakuwa bosi wake, tukawatenganisha wiki hiyohiyo na menta akaahidi kwa maandishi kwamba aliyoyasikia hayataingia kwenye tathmini.

Kikao cha mwisho kiwe na tarehe yake, msiache kikafa chenyewe. Menti anasoma lengo kama lilivyoandikwa na anasema limefika au halijafika, menta anasema kitu kimoja alichojifunza kwake, halafu wanakubaliana simu baada ya hapo ni za kirafiki au hakuna. Daftari linabaki kwa menti. Menta anafuta meseji palepale mwenzake akiona. Mimi nabaki na karatasi moja yenye majina, tarehe za vikao na ile safu ya ndiyo na hapana, na mkurugenzi akitaka kujua zaidi namwambia awaulize wenyewe.